Simu inazima ikiwa na asilimia 30: ni betri, au ni hesabu?

"Habari za kazi, fundi. Nauza vitenge na magauni hapa Marangu Mtoni, na wateja wengi nawapata WhatsApp. Simu yangu ya Android ina miaka mitatu na nusu, betri yake imeandikwa 5000 mAh. Tangu Juni inazima ghafla ikifika asilimia 30, hasa nikipiga picha kwa taa ya kamera, au nikipigiwa nikiwa bondeni ambako mtandao ni hafifu. Asubuhi moja ya baridi ilizima ikiwa na 42. Nikichomeka chaja inawaka na kuonyesha 28 au 29 palepale. Haijaanguka wala kuingia maji. Fundi mmoja anasema nii-kalibreti tu, niimalize chaji yote kisha nijaze. Mwingine anataka elfu 45 abadilishe betri. Nimsikilize nani?"

Nzuri, ndugu yangu. Msikilize wa pili. Ila usimkabidhi hela kabla hujasoma mpaka mwisho, kwa sababu zipo simu zinazozima kwenye asilimia 30 hiyohiyo na yule wa kwanza akawa na hoja. Simu hizo mbili ukiziweka mezani huwezi kuzitofautisha kwa macho. Wewe umeandika dalili tatu zinazozitofautisha, na nitazirudia moja moja.

Kwanza tuiweke sawa hiyo asilimia, maana watu wanaiamini kupita kiasi. Simu haina njia ya kuchungulia ndani ya betri ikaona kimebaki kiasi gani. Inakisia. Ndani yake kuna chipu inayofanya kazi mbili: inahesabu umeme unaoingia wakati wa chaji na unaotoka wakati wa matumizi, halafu mara kwa mara, simu ikiwa imetulia, inaangalia volti za betri na kuzilinganisha na jedwali ililopewa kiwandani. Betri ya kisasa iliyojaa inakaa kwenye volti 4.3 au 4.4 hivi. Ikibaki theluthi inakuwa na volti 3.7 na kitu. Chini ya hapo volti zinashuka taratibu, kisha karibu na mwisho zinaporomoka. Kutokana na hayo mawili chipu inakuandikia namba juu ya kioo.

Sasa namba hiyo inaweza kukudanganya kwa namna ya kwanza, ambayo ndiyo ya yule fundi wa kalibresheni. Tuseme betri ya 5000 mAh imechakaa na siku hizi inabeba 3500 tu, lakini chipu bado inashikilia kwamba ni 5000. Unachaji mpaka 100, unatumia zile 3500 zote, betri inakauka kabisa. Chipu inapiga hesabu yake: zimetoka 3500 kati ya 5000, kwa hiyo zimebaki 1500, na 1500 ni asilimia 30. Simu inazima ikiwa imeandika 30, na kweli ndani hakuna kitu. Simu nyingi zinajirekebisha zenyewe kidogo kidogo zisifike huko, lakini kwa mtu ambaye kwa miezi anachaji nusunusu bila kuijaza wala kuimaliza, chipu haipati nafasi ya kujua ukweli, na kosa linakua.

Hapo kalibresheni inasaidia, ila angalia inasaidia nini. Chipu itajifunza kwamba betri sasa ni ya 3500, na kuanzia siku hiyo simu itazima ikiwa na 1 au 2 badala ya 30. Lakini kama ilikuwa inakufikisha saa tisa alasiri, itaendelea kukufikisha saa tisa. Umerekebisha namba. Betri iko vilevile ilivyokuwa, na hakuna mpangilio wowote wa simu unaoweza kuirudishia uwezo ilioupoteza.

Namna ya pili ndiyo yako. Humo ndani chaji ipo kweli, tatizo ni kwamba betri haiwezi kuitoa kwa nguvu pale simu inapoihitaji kwa wingi. Chukua tangi la maji juu ya mnara, limebaki theluthi, na bomba linaloshuka limejaa kutu ndani. Ukifungua bomba moja jikoni kidogo, maji yanatoka vizuri. Mtu akifungua na bafuni kwa wakati uleule, presha inakufa, na mnasema maji yameisha. Hayajaisha. Bomba ndilo limekuwa jembamba. Kwenye betri, kutu hiyo tunaiita ukinzani wa ndani. Betri yoyote inao tangu ikiwa mpya, ila kadiri inavyochajiwa na kutumika, na hasa ikiishi kwenye joto au ikikaa muda mrefu imejaa asilimia 100, tabaka hujijenga juu ya sahani zake na ukinzani unapanda.

Nitakupigia hesabu ndogo, ya kawaida tu, uone kwa nini ni 30 na si 80. Chukua betri yenye volti 3.75 ikiwa imetulia, yaani karibu na asilimia 30 yako. Simu nyingi hujikatia umeme zenyewe volti zikishuka kufika kama 3.3, ili vifaa vya ndani visivurugike. Volti zinazopotea njiani unazipata kwa kuzidisha mkondo na ukinzani. Betri ikiwa mpya, pamoja na waya zake, tuseme ukinzani ni omu 0.1. Kazi nzito ikivuta ampea 2, zinapotea volti 0.2, simu inabaki na 3.55 na wala hushtuki. Sasa betri imezeeka, ukinzani umefika omu 0.25. Ampea 2 zilezile zinapoteza volti 0.5, simu inabaki na 3.25. Imevuka mpaka, imekata. Betri hiyohiyo ikiwa imejaa ingeanzia volti 4.3, ikatoa 0.5, ikabaki na 3.8, na usingejua kama ni mgonjwa. Na ukiwa unasoma ujumbe tu, simu inavuta kama ampea 0.3, hasara yake haifiki hata volti 0.1. Ndiyo maana unaweza kushinda ukichati kwenye asilimia 25, kisha ukafungua kamera na kioo kikawa cheusi.

Turudi kwenye dalili zako. Ya kwanza ni taa ya kamera na simu za bondeni. Hesabu iliyokosewa haijui kama umewasha taa. Ingekuwa ni hesabu, simu ingezima kwenye 30 hata ukiwa umeiweka kabatini. Ukipiga picha, kamera, kioo, taa na ubongo wa simu vinavuta kwa pamoja. Bondeni nako simu inapaza sauti ili mnara uisikie, na ikishuka mpaka mtandao wa 2G, ile herufi E unayoiona juu, inaweza kuvuta karibu ampea 2 kwa vipande vya muda vifupi sana, visivyofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde kila kimoja. Kioo kinaweza kuwa kimezimika na umeiweka sikioni, bado mivuto hiyo inatosha kuiangusha betri dhaifu.

Ya pili ni baridi. Baridi inapandisha ukinzani wa betri. Ikikaribia nyuzi sifuri unaweza kufika mara mbili au zaidi ya ule wa kawaida. Juni hadi Agosti huko kwenu juu si kama hapa Moshi mjini, na simu iliyolala juu ya meza ya bati usiku kucha inaamka na betri iliyopoa mpaka ndani. Ndiyo maana ilizima kwenye 42, si 30: mpaka wa kukata ni uleule, kilichobadilika ni bomba. Wapagazi wanalijua hili. Wakifika kibanda cha Kibo, zaidi ya mita 4,700 juu, hata simu ambayo bado ni nzuri inazima ikiwa na nusu chaji, na mtu akiiweka kifuani ndani ya koti kwa robo saa inawaka tena.

Ya tatu ndiyo inayonifanya nikujibu bila kuishika simu yako. Unachomeka chaja, inawaka, inasema 28. Betri iliyokauka kweli, simu ikiwaka upya na kusoma volti, mara nyingi ingeandika 1, 2 au 3 na ingechukua muda kutoka hapo. Yako inarudi pale ilipokuwa kwa sababu mzigo umeondoka na volti zimejiinua.

Ukitaka kujiridhisha mwenyewe kabla ya kutumia elfu 45, fanya jaribio moja nyumbani. Chaji ikifika 35 au hivi, weka simu kwenye hali ya ndege, punguza mwanga wa kioo mpaka chini, zima kila kitu kingine na ucheze video iliyohifadhiwa kwenye simu yenyewe, ndani ya nyumba ambako si baridi. Ikiteremka kwa utulivu mpaka 20, 15, 10, basi chaji ilikuwepo na shida ni ukinzani. Ikikata pale pale 30 hata bila mzigo, basi nimekosea kuhusu simu yako, na kalibresheni inastahili kujaribiwa, au fundi aangalie soketi. Angalia pia inavyozima: ikionyesha ile picha ya kujizima taratibu, ni programu iliyoamua kwa kuona namba imefika sifuri; ikikata kama taa iliyozimwa swichi, volti zimeanguka. Simu nyingine ukipiga `*#*#4636#*#*` zinafungua ukurasa wenye volti za betri, lakini usiutegemee sana, kwa sababu mporomoko unaoiua simu ni mfupi kuliko ukurasa huo unavyoweza kuandika.

Mbona basi kila mtu anapendekeza kalibresheni? Kwanza ni bure. Pili, imerithiwa kutoka enzi za betri za nikeli, ambazo kweli zilikuwa zinahitaji kumalizwa chaji. Za lithiamu hazina tabia hiyo, na kuzikausha mara kwa mara kunazichosha zaidi. Lile la kuchaji simu mpya saa nane kabla ya kuiwasha nalo limetoka hukohuko. Wapo pia wanaosema ufute faili liitwalo `batterystats.bin`. Faili hilo linaweka kumbukumbu ya programu gani imekula chaji, halina mkono wowote katika asilimia unayoiona. Na kama kuna mtu anataka kukufanyia kuflashi simu nzima kwa ajili ya tatizo hili, utapoteza picha za vitenge vyako na simu itaendelea kuzima.

Kwa msomaji mwingine ambaye simu yake iko kwenye kundi lile la kwanza, kalibresheni yenyewe ni hii: itumie mpaka ijizime, iache imezimwa saa mbili tatu, ichaji ikiwa bado imezimwa mpaka 100 bila kuchomoa njiani, na uiache kwenye chaja saa moja zaidi. Mara moja inatosha. Usiifanye kila wiki.

Ushahidi mzuri kwamba ugonjwa huu hautibiwi na programu ni wa Apple. Baadhi ya wenye iPhone 6 na 6s walilalamika simu zao zinazima ghafla chaji ikiwepo. Januari 2017 kampuni ilitoa toleo la iOS 10.2.1, na kuzima kukapungua. Baadaye watu waligundua simu zenye betri chakavu zilikuwa zimepunguzwa kasi, ili zisivute umeme mwingi kwa mara moja. Desemba 2017 kampuni iliomba radhi na kushusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29. Programu iliweza kuupunguza mvuto tu. Aliyeweka betri mpya ndiye aliyerudishiwa kasi ya simu yake.

Wewe unaweza kufanya jambo hilohilo kwa mkono wakati unakusanya hela. Washa hali ya kuokoa chaji mapema, ikiwa 50, usisubiri 15. Piga picha za bidhaa mchana penye mwanga wa jua bila taa ya kamera. Asubuhi iweke mfukoni ipate joto la mwili, na ukiwa unasubiri malipo ya mteja bondeni, chomeka pawabenki kabla hujafungua menyu ya malipo. Itakusogeza wiki kadhaa. Usiitegemee mpaka Krismasi, maana ukinzani unaendelea kupanda, na ile 30 itakuwa 40, kisha 50.

Kuna jambo moja linaloiga ugonjwa huu kikamilifu, nalo ni konekta ya betri iliyolegea au iliyopata kutu. Ukinzani uwe ndani ya betri au kwenye konekta, simu haioni tofauti. Kwako naona uwezekano wake ni mdogo, kwa kuwa simu haijaanguka wala kuguswa na maji, lakini fundi akishaifungua ni kazi ya dakika moja kuitazama, kuisafisha kwa spiriti na kuibana upya. Mwombe afanye hivyo kabla ya kutoa betri mpya kwenye mfuko. Na kama mfuniko wa nyuma umeanza kuinuka, kioo kinatoka kwenye fremu au simu inayumba ukiilaza mezani, betri imevimba. Hapo hakuna jaribio la video wala kusubiri. Izime, usiichaji, usiibonyeze, ilete kwa fundi siku hiyohiyo.

Kuhusu hizo elfu 45: kama kioo ni kizima, nafasi ya picha ipo na WhatsApp inafanya kazi vizuri, betri mpya ni nafuu kuliko simu mpya na mimi ningeibadilisha. Ningesita tu kama simu ina matatizo mengine mawili matatu juu ya hili.

Ila pesa yako inaweza kuliwa na betri mbovu kwa urahisi. Ya kwako ina herufi na namba za modeli zilizochapwa juu yake. Mpya iwe na zilezile. Ukiambiwa hii ina ukubwa uleule lakini ni 8000 mAh, kataa, kwa sababu kwenye nafasi ileile hakuna mahali pa kuficha uwezo huo wote. Wamechapisha karatasi tu. Mwambie fundi aipime kwa mita mbele yako kabla ya kuifunga. Betri iliyotunzwa vizuri dukani huwa na volti 3.7 hadi 3.9. Ikisoma chini ya 3, imekaa rafuni mpaka imejifia, kwani betri za lithiamu huzeeka hata bila kutumika. Nenda na simu ikiwa na chaji ndogo, chini ya 30, kwa kuwa betri iliyojaa ikitobolewa wakati wa kutolewa kwenye gundi inawaka kwa hasira zaidi. Ukimwona anaing'oa kwa bisibisi ya chuma, mzuie. Gundi inalainishwa kwa joto la wastani au spiriti, na betri inanyanyuliwa kwa kadi ya plastiki. Omba garantii ya angalau mwezi, iandikwe kwenye risiti. Betri ya zamani usiitupe kwenye shimo la taka mnalochomea pale kihambani. Ziba midomo yake kwa utepe wa plastiki na umwachie fundi aihifadhi pamoja na nyingine.

Ukishawekewa mpya, hapo ndipo kalibresheni ya yule fundi wa kwanza inapata kazi: chipu bado ina kumbukumbu ya betri iliyoondoka, kwa hiyo ifanye mara moja kama nilivyoeleza juu. Kisha ikifika 30, toka nayo asubuhi, shuka bondeni, washa taa ya kamera na upige picha mfululizo. Ikikata tena, rudi na risiti yako. Fundi aweke betri nyingine anayoijua ni nzima, na kama bado inakata, kosa liko kwenye bodi, kwenye sehemu inayogawa umeme. Kazi hiyo inahitaji mtu mwenye hadubini na mashine ya hewa ya moto, na kwa simu ya miaka mitatu na nusu gharama yake huwa haina maana.